Kutambua Mdalasini, Karafuu na Iliki Sokoni

Mkazi wa Mwembesongo anunuapo mdalasini mzima, atazame ncha ya kijiti. Mdalasini halisi una tabaka nyingi nyembamba zilizoviringana, nao huvunjika kwa vidole. Kasia ni gome moja, nene na gumu. Tofauti hiyo si ya ladha tu: kasia ina kumarini nyingi, ambayo ikiliwa kwa wingi kila siku yaweza kudhuru ini. Unene pekee hautoshi, kwani gome la shina kuukuu la mdalasini halisi nalo huwa nene.

Karafuu chache zitiwe katika glasi ya maji. Zenye mafuta huzama au husimama wima. Zilizochakaa huelea kwa ubavu. Iliki ipasuliwe moja: mbegu ziwe nyeusi na zinate kidogo, hata kama ganda la kijani linavutia.