Mfuko wa Sukari Uliobaki Stoo Una Gharama Gani? Maswali ya Thamani ya Mzigo na Faida

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika Tanzania. Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilijaza maji mashamba ya miwa, viwanda vikashindwa kuvuna na kusaga kama kawaida, na bei ikapanda hadi Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi mwezi Januari. Hata Morogoro, mkoa wenye viwanda vya Kilombero na Mtibwa, haukunusurika. Baadaye sukari ya kutoka nje ikaingia sokoni na bei ikaanza kushuka.

Msimu kama huo humweka mwenye duka la jumla kwenye swali ambalo wanafunzi wa uhasibu hukutana nalo kila mwaka katika mtihani. Sukari ni ile ile, stoo ni moja, lakini mifuko imenunuliwa kwa bei tatu. Mwezi ukiisha, iliyobaki iandikwe kwa bei ipi? Tutajibu kwa duka la mfano lililopo Ngerengere, linalouza mifuko ya kilo 50. Bei tutakazotumia ni za kufundishia, ila mwendo wake ndio ule ule wa msimu wa kupanda.

Mzigo wenyewe ukoje?

Duka lilianza mwezi na mifuko 20 iliyonunuliwa kwa sh. 130,000 kila mmoja. Likaongeza 30 kwa sh. 150,000. Bei ikazidi kupanda, likaongeza tena 50 kwa sh. 170,000. Jumla ni mifuko 100 iliyogharimu sh. 15,600,000. Mifuko 70 iliuzwa kwa sh. 180,000 kila mmoja, yaani mauzo ya sh. 12,600,000, na 30 ikabaki.

Hadi hapa hakuna ubishi wowote: fedha zilizotoka zinajulikana, na zilizoingia zinajulikana. Kazi iliyobaki ni kuzigawa zile sh. 15,600,000 mafungu mawili. Fungu moja ni la mifuko 70 iliyouzwa, nalo huitwa gharama ya mauzo na hutolewa kwenye mauzo ili kupata faida ghafi. Fungu la pili ni la mifuko 30 iliyobaki, nalo hukaa kwenye mizania kama mali. Shilingi inayoongezwa kwenye fungu la pili lazima itoke kwenye la kwanza. Njia zote mbili tunazozieleza ni namna tu ya kugawa mafungu hayo.

Ya kwanza kuingia, ya kwanza kutoka

Njia hii, ambayo wanafunzi wengi huiita fifo, huchukulia kwamba mifuko ya zamani ndiyo iliyotangulia kuuzwa. Basi iliyobaki ni ya mwisho kununuliwa. Mifuko 30 yote inatoka katika ile 50 ya sh. 170,000, na thamani yake ni sh. 5,100,000. Gharama ya mauzo inakuwa sh. 10,500,000, na faida ghafi sh. 2,100,000.

Hapa mtu huuliza: je, kama kijana wa stoo aliuza mifuko ya juu kwanza, ambayo ndiyo mipya? Haibadilishi kitu. Fifo inafuatisha mwendo wa gharama katika vitabu, na haidai kwamba mifuko ilitoka stoo kwa mpangilio huo. Kwa sukari, ambayo mfuko mmoja hautofautiani na mwingine, hakuna anayeweza kusema mfuko huu ni wa bei ya kwanza na ule ni wa bei ya tatu. Kama bidhaa ingekuwa pikipiki au trekta, kila moja na namba yake ya injini, kila moja ingebeba gharama yake halisi na mjadala huu usingekuwepo.

Wastani wa uzani

Njia ya pili huchukulia kwamba mifuko yote imechanganyika. Jumla ya gharama hugawanywa kwa jumla ya mifuko: sh. 15,600,000 kwa 100, yaani sh. 156,000 kila mfuko. Mifuko 30 iliyobaki ina thamani ya sh. 4,680,000, gharama ya mauzo ni sh. 10,920,000, na faida ghafi ni sh. 1,680,000.

Neno uzani hapa lina kazi kubwa, na ndipo watahiniwa wengi hupotea. Mtu huona bei tatu, anazijumlisha na kuzigawa kwa tatu, anapata sh. 150,000. Jibu hilo si sahihi kwa sababu linaipa mifuko 20 ya bei ya chini nguvu sawa na mifuko 50 ya bei ya juu. Lipime kwa fedha: mifuko 100 kwa sh. 150,000 ni sh. 15,000,000, wakati duka lilitoa 15,600,000. Laki sita zimepotea njiani. Wastani ulio sahihi, ukiuzidisha kwa mifuko yote, lazima ukurudishe kwenye fedha zilizotumika.

Kwa nini rafiki yangu amepata wastani tofauti, na mwalimu amempa tiki?

Kwa sababu wastani hutegemea umefanywa lini. Hesabu ya hapo juu imefanywa mara moja, mwisho wa mwezi. Duka linaloandika kadi ya stoo kila mzigo unapoingia na kutoka hufanya wastani mpya kila linaponunua.

Tuseme mifuko 40 iliuzwa kabla ya mzigo wa tatu kufika, na 30 baada yake. Baada ya mzigo wa pili stoo ilikuwa na mifuko 50 ya sh. 7,100,000, wastani sh. 142,000. Kuuza 40 kuliondoa sh. 5,680,000, ikabaki mifuko 10 ya sh. 1,420,000. Mzigo wa tatu wa sh. 8,500,000 ukaingia: mifuko 60, sh. 9,920,000. Wastani wake si namba kamili, lakini huhitaji kuhangaika nao, maana mifuko 30 iliyouzwa ni nusu ya 60. Nusu ya fedha ikatoka, nusu ikabaki, yaani sh. 4,960,000. Faida ghafi hapa ni sh. 1,960,000.

Tofauti na wastani wa mwisho wa mwezi ni sh. 280,000, na mifuko ni ile ile. Ukitumia fifo kwa njia zote mbili za kutunza kumbukumbu utapata 5,100,000 palepale. Kwa hiyo swali la mtihani likikupa tarehe za kununua na za kuuza, soma kwanza linataka kumbukumbu za aina gani kabla hujashika kikokotoo.

Basi fifo inaleta faida zaidi?

Bei zinapopanda, ndiyo, katika kipindi hicho. Gharama za zamani zilizo ndogo ndizo zinazokutanishwa na mauzo ya leo, na faida inavimba. Bei zinaposhuka mambo hugeuka, kwa kuwa gharama za zamani ndizo kubwa. Bei zikitulia, njia zote hutoa jibu moja.

Lakini tazama mwezi unaofuata, kwa sababu maelezo mengi huishia njiani. Tuseme duka halikununua kitu tena, likauza mifuko 30 iliyobaki kwa sh. 180,000 ile ile, mauzo ya sh. 5,400,000. Kwa fifo mifuko hiyo iliandikwa 5,100,000, kwa hiyo faida ni sh. 300,000. Kwa wastani wa mwisho wa mwezi iliandikwa 4,680,000, na faida ni sh. 720,000. Jumlisha miezi miwili. Fifo: 2,100,000 na 300,000. Wastani: 1,680,000 na 720,000. Zote ni sh. 2,400,000.

Mwenye duka hakupata wala kupoteza hata senti kwa kuchagua njia. Alichofanya ni kuamua faida ionekane mwezi gani. Mzigo wa mwisho wa mwezi huu ni mzigo wa mwanzo wa mwezi ujao, na kilichoongezwa kwenye faida leo hupunguzwa kesho.

Na bei ikianguka ghafla?

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2 kinataka mzigo uandikwe kwa gharama au kwa kiasi halisi kinachotarajiwa kupatikana ukiuzwa, baada ya kutoa gharama za kuuzia, kipi kidogo. Tuseme sukari ya nje imeingia, na mwisho wa mwezi wa kwanza inaonekana wazi kwamba mfuko hautaleta zaidi ya sh. 160,000 baada ya kutoa gharama za kuuzia. Mwenye fifo, aliyeandika 170,000, lazima ashushe hadi 160,000: mzigo wake unakuwa sh. 4,800,000 na faida yake inashuka hadi sh. 1,800,000. Mwenye wastani wa 156,000 hashushi kitu. Ushushaji huo hautegemei hiari ya mwenye duka, na swali lenye alama nyingi hupenda kuuficha katika sentensi ya mwisho.

Naweza kubadilisha njia kila bei inapogeuka?

Hapana. Kiwango hicho hicho kinataka njia moja itumike kwa bidhaa za aina na matumizi yanayofanana, na viwango vya uhasibu haviruhusu kubadili sera ila kwa sababu ya msingi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 nayo inamruhusu mfanyabiashara kuchagua kati ya fifo na wastani kwa bidhaa zisizotofautishika, lakini akishachagua, hawezi kubadili bila ruhusa ya maandishi ya Kamishna.

Sababu inaonekana kwenye mfano wetu. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30 ya faida, tofauti ya sh. 420,000 kati ya fifo na wastani wa mwisho wa mwezi ni kodi ya sh. 126,000 inayolipwa mapema au baadaye. Duka dogo linalokadiriwa kodi kwa mauzo halioni tofauti hiyo, kwa sababu mauzo ni yale yale, ila mwenyewe bado anahitaji kujua faida yake.

Njia ya tatu, ya mwisho kuingia ya kwanza kutoka, bado imo katika vitabu vya zamani na hutumika Marekani. Viwango vya kimataifa, vinavyofuatwa Tanzania, viliiondoa tangu 2005. Usiitumie ila swali likiitaja kwa jina.

Nitajuaje nimepatia?

Mzigo wa mwanzo ukiwa mmoja kwa njia zote mbili, tofauti ya faida lazima ilingane kabisa na tofauti ya mzigo wa mwisho. Hapa 5,100,000 toa 4,680,000 ni 420,000, na 2,100,000 toa 1,680,000 ni 420,000. Zisipolingana, usikabidhi karatasi: jumlisha gharama ya mauzo na mzigo wa mwisho kwa kila njia, na ile isiyotoa sh. 15,600,000 kamili ndiyo yenye kosa.