Imeandika “Connected”, Mbona Sauti Inatoka Spikani?

Nyumba nyingi za zamani za Majengo, Pumwani, zilijengwa kwa mtindo wa Waswahili: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na kila chumba na mpangaji wake. Ukifungulia mawaidha usiku, chumba cha jirani nacho kinasikiliza. Kwa wakazi wa nyumba hizo hedifoni zisizo na waya ni sehemu ya ujirani mwema. Kwa hivyo inaudhi zinapokaa masikioni, simu ikaandika `Connected`, kisha sauti yote ikamwagika kupitia spika ya simu.

Neno hilo linakueleza jambo moja tu, kwamba simu na hedifoni zimetambuana. Halikuambii ni sauti gani iliyopewa ruhusa ya kupita. Bluetooth ina njia mbili tofauti za sauti kati ya simu na hedifoni: moja ni ya mazungumzo ya simu, nyingine ni ya muziki na video. Kila njia hufunguliwa peke yake, na moja inaweza kufungwa huku nyingine ikifanya kazi vizuri. Ukilielewa hilo, vidokezo vinavyofuata vitakuwa vyepesi.

1. Pima njia zote mbili kabla ya kubadilisha chochote.

Cheza video iliyohifadhiwa kwenye simu yenyewe, si ya mtandaoni, ili kasi ya intaneti isikuchanganye. Kisha mwombe mtu akupigie, upokee, usikilize sauti yake inatokea wapi. Simu ikisikika masikioni na video ikasikika spikani, njia ya muziki ndiyo iliyofungwa. Ikiwa ni kinyume, njia ya mazungumzo ndiyo yenye shida. Zote mbili zikitoka spikani, nenda moja kwa moja kwenye kidokezo cha tatu na cha tano.

Na ikiwa kuna kimya kila mahali, spikani na masikioni, hilo ni tatizo jingine. Huenda simu tayari inapeleka sauti kwenye hedifoni. Angalia kiwango cha sauti, chaji, au hedifoni zenyewe.

2. Soma maneno yote yaliyo chini ya jina la hedifoni.

Wengi wetu tunaona `Connected` na kuishia hapo. Kwenye simu nyingi za Android kuna maneno mengine baada yake, ndani ya mabano. `Connected (no media)` maana yake njia ya muziki imefungwa. `Connected (no phone)` maana yake njia ya mazungumzo imefungwa. Simu imekwisha kukupa jibu. Limeandikwa kwa herufi ndogo tu.

Fungua `Settings`, halafu `Connected devices` au `Bluetooth` kulingana na aina ya simu, kisha gusa alama ya gia iliyo kando ya jina la hedifoni. Utaona swichi kadhaa, zikiwemo `Media audio` na ile ya simu, inayoandikwa `Phone calls` au `Calls`. Washa zote mbili. Ikiwa `Media audio` tayari imewashwa, izime, hesabu hadi tano, uiwashe tena. Hatua hiyo huilazimisha simu kuomba njia ya muziki upya, na mara nyingi sauti huhama papo hapo.

Swichi ikikataa kukaa, yaani unaiwasha nayo inajizima, chunguza kama hedifoni hizo bado zimeshikwa na simu nyingine. Katika nyumba ambamo ndugu wawili wanatumia hedifoni moja hilo hutokea sana: simu ya dada iliyo chumbani ndiyo iliyochukua njia ya muziki, yako ikabakishiwa mazungumzo. Zima Bluetooth kwenye simu ile nyingine, ujaribu tena.

3. Tafuta neno `Active`.

Simu za Android za siku hizi zinaweza kuunganishwa na vifaa kadhaa vya sauti kwa wakati mmoja, lakini kwa kawaida muziki hupelekwa kwa kimoja tu. Hicho ndicho kinachoandikwa `Active`. Vingine vinabaki `Connected`, vikingoja. Ukiona hedifoni zako zimeandikwa `Connected` tu, gusa jina lake mara moja ndani ya orodha ya Bluetooth. Mara nyingi hiyo inatosha kuzifanya `Active`.

Njia nyingine ni kuteremsha pazia la juu ya skrini wakati muziki unacheza. Kwenye kisanduku cha muziki kuna kitufe kidogo kinachotaja mahali sauti inapotokea. Kikiandika `This phone` au `Phone speaker`, kiguse, uchague hedifoni. Kwenye Samsung kitufe hicho huitwa `Media output`. Mtu anaweza kuwa alikigusa jana bila kujua, na tangu hapo simu inatii amri ile.

Wenye iPhone, fungueni `Control Center`, mguse alama ya sauti kwenye kisanduku cha muziki, mchague hedifoni. Ikiwa ni mazungumzo pekee yanayotoka spikani, nendeni `Settings`, `Accessibility`, `Touch`, kisha `Call Audio Routing`. Pakiwa pameandikwa `Speaker`, badilisheni iwe `Bluetooth Headset`.

4. Programu moja tu ikikataa, usilaumu hedifoni.

Redio ya FM inayokuja ndani ya simu ndiyo inayowasumbua wengi. Redio hiyo haitumii intaneti. Inadaka mawimbi hewani, na kwenye simu nyingi waya wa hedifoni za kuchomeka ndio antena yake. Vilevile kwenye simu nyingi sauti ya redio hiyo haikutengenezewa njia ya kupita Bluetooth, kwa hivyo itatoka kwenye waya au spikani hata ufanye nini. Kama YouTube na video zako zinasikika masikioni na redio haisikiki, hakuna kilichoharibika. Sikiliza stesheni ileile kupitia programu yake ya intaneti, kama una bando, au chomeka waya.

Kwa Samsung kuna jambo la ziada. Ndani ya `Sounds and vibration` kuna `Separate app sound`, inayoruhusu programu moja itoe sauti mahali pake peke yake. Mtu akiiwasha na kuelekeza YouTube kwenye simu, YouTube itapiga spikani huku muziki mwingine wote ukienda masikioni. Izime, basi.

Mlio wa simu inapoita na kengele ya kukuamsha pia husikika spikani hata ukiwa na hedifoni. Vimewekwa hivyo kwa makusudi, ili usikose simu au usipitiwe na usingizi kwa sababu hedifoni umeziacha mezani.

5. Kumbuka dawa uliyoiwekea simu zamani.

Hiki ndicho chanzo ambacho mafundi wengi hukipita, na mahali penye vumbi kama Gikomba ni rahisi kukipata. Chukua mfano wa muuza viatu vya mitumba. Nyuzi za nguo na vumbi zinajaa kwenye tundu la hedifoni la simu yake. Simu inadhani waya umechomekwa, inaonyesha alama ya hedifoni juu ya skrini, na spika inanyamaza. Anashauriwa kupakua programu ya kulazimisha sauti itoke spikani. Inafanya kazi, anaisahau. Miezi kadhaa baadaye ananunua hedifoni za Bluetooth. Zinaunganishwa, swichi zote zimewashwa, `Active` ipo, lakini sauti inarudi spikani kila akicheza wimbo. Programu ile ya zamani ingali kazini.

Utaitambuaje? Kwanza teremsha pazia la juu uone kama kuna taarifa isiyoondoka inayohusu sauti au spika. Pili, iwashe simu katika `Safe mode`. Kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuzimia, kisha unashikilia kidole kwenye kitufe cha `Power off` kilicho kwenye skrini hadi simu ikuulize kama unataka kuingia `Safe mode`. Katika hali hiyo programu zote ulizopakua mwenyewe zinalala. Unganisha hedifoni, cheza video iliyo kwenye simu. Ikisikika masikioni, mkosaji ni programu uliyopakua. Zima na uwashe simu kama kawaida, kisha ondoa programu za kulazimisha spika, za kuongeza nguvu ya sauti na za kurekebisha besi, moja baada ya nyingine, ukijaribu kila baada ya moja.

Ukishaiondoa, usiache tundu likiwa chafu, la sivyo ile shida ya kwanza itarudi. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, chokoa taratibu ukizungusha ukutani mwa tundu, si kusukuma chini. Pini ya chuma inaweza kupinda vishikizo vilivyo ndani.

6. Kusahaulisha ni hatua ya mwisho, na ina utaratibu.

Watu huanza nayo kwa sababu ni rahisi, ila mara nyingi huifanya nusu. Gusa `Forget`, au `Unpair` kwenye Samsung. Kama hedifoni zako ni zile za vipande viwili vyenye kasha, na orodha inaonyesha jina lake mara mbili, sahaulisha majina yote mawili. Kipande kimoja kilijiunga chenyewe bila mwenzake. Rudisha vyote kwenye kasha, funga, ngoja kidogo. Zima na uwashe simu. Kisha fungua kasha, toa vipande vyote viwili pamoja, vikae sekunde chache vitambuane vyenyewe kabla ya kuvitafuta kwenye simu. Simu ikiuliza ruhusa ya kuunganisha, soma kabla ya kukubali.

Ikishindikana kabisa, ndani ya `Reset options` kuna hatua ya kufuta mipangilio ya Bluetooth na Wi-Fi. Haifuti picha wala ujumbe, lakini nywila za Wi-Fi zote zitapotea, kwa hivyo ziandike kwanza.

7. Pima kabla hujalipa.

Ukinunua barabarani Gikomba au dukani Eastleigh, usiridhike muuzaji akikuonyesha `Connected` kwenye simu yake. Unganisha na simu yako. Cheza video yako, kisha upigiwe simu ukiwa palepale. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakukatalia dakika mbili. Hedifoni zikishindwa njia ya muziki kwenye simu yako na kwenye simu ya pili pia, kosa ni la hedifoni zenyewe. Zirudishe siku hiyohiyo, usizipeleke kwa fundi.