Mikopo Miwili ya Ng'ombe: Riba ya Deni Zima na Riba ya Deni Linalopungua

Mkulima wa Adungosi anayetaka kununua ng'ombe wa maziwa siku hizi hakosi mtu wa kumkopesha. Akienda Busia au Malaba ataona vibao vya kampuni za mikopo barabarani, na huenda yeye mwenyewe ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo, yaani sako. Shida ni kwamba kila mkopeshaji hutaja kiwango chake cha riba kwa namna yake, na namba mbili zikiwekwa pamoja huweza kumdanganya hata mtu mwenye akili. Mwezi huu twataka kuieleza hesabu hiyo polepole. Tafadhali chukua kalamu na karatasi, au simu yenye kikokotoo, ufanye pamoja nasi.

Tuseme mkulima anahitaji Shs. 120,000 anunue mtamba mwenye mimba, naye atalipa kila mwezi kwa muda wa miezi 12 kutoka katika fedha za maziwa. Kampuni ya kwanza yamwambia, "Riba yetu ni 12 kwa mia kwa mwaka." Sako yamwambia, "Riba yetu ni moja na nusu kwa mia kwa mwezi," nayo ni sawa na 18 kwa mia kwa mwaka. Watu wengi wangekimbilia 12, maana 12 ni ndogo kuliko 18. Lakini sharti kwanza waulize: 12 kwa mia ya fedha zipi?

Kampuni ile huhesabu riba juu ya deni zima la mwanzo. Maofisa wa mikopo huita namna hii "flati". Huchukua Shs. 120,000, hutoa 12 kwa mia, wapata Shs. 14,400. Kisha hujumlisha, zikawa Shs. 134,400, na kuzigawa kwa miezi 12. Mkulima atalipa Shs. 11,200 kila mwezi. Hesabu ni nyepesi, na ndiyo sababu moja inayowafanya watu waipende.

Sasa fikiri juu ya mwezi wa mwisho. Wakati huo mkulima amekwisha kurudisha Shs. 110,000 za deni lenyewe. Fedha za kampuni zilizobaki mkononi mwake ni Shs. 10,000 tu. Hata hivyo mwezi huo anatozwa riba ya Shs. 1,200, sawasawa na ile ya mwezi wa kwanza alipokuwa na Shs. 120,000 zote. Ni kama mtu aliyekodi magunia 12 ya kuwekea mihogo mikavu, akarudisha gunia moja kila mwezi, na bado mwenyewe anamdai kodi ya magunia 12 mpaka siku ya mwisho.

Sako huhesabu kwa njia nyingine. Kila mwezi hutazama deni lililobaki, na riba hutozwa juu ya hilo tu. Hii ndiyo riba ya deni linalopungua, nao maofisa huiita "ridyusing balansi". Mkulima wetu akirudisha Shs. 10,000 za deni kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni moja na nusu kwa mia ya 120,000, yaani Shs. 1,800. Mwezi wa pili deni ni 110,000, na riba ni Shs. 1,650. Mwezi wa tatu ni Shs. 1,500. Hivyo riba hushuka kwa Shs. 150 kila mwezi, mpaka mwezi wa kumi na mbili ambapo ni Shs. 150 tu. Ukijumlisha riba ya miezi yote utapata Shs. 11,700.

Basi mkopo wa 18 kwa mia umekuwa rahisi kuliko ule wa 12 kwa mia. Riba ya kampuni ni Shs. 14,400, ya sako ni Shs. 11,700. Tofauti ni Shs. 2,700.

Iko njia fupi ya kulinganisha viwango hivi kabla ya kuandika hesabu yote. Chukua kiwango cha deni zima, uzidishe kwa mbili, uzidishe tena kwa hesabu ya miezi, kisha ugawe kwa miezi hiyo pamoja na mmoja zaidi. Kwa kampuni yetu ni 12 mara 2, wapata 24; mara 12, wapata 288; gawanya kwa 13, wapata 22 na kitu. Maana yake ni kwamba 12 kwa mia ya deni zima ni kama 22 kwa mia ya deni linalopungua. Sako ikitaka zaidi ya 22, hapo kampuni ndiyo nafuu. Asiyependa hesabu akumbuke tu kwamba, kwa mtu anayelipa kila mwezi, kiwango cha deni zima hukaribia kuwa nusu ya kile anachotozwa kwa kweli, na kadiri muda unavyozidi kuwa mrefu ndivyo kinavyozidi kuikaribia nusu hiyo.

Wazee wenye mashamba ya mpango wa makazi wajua jambo la muda mrefu. Mikopo ya ardhi iliyotolewa katika mipango iliyoanza 1962 ilikuwa na riba ya 6 na nusu kwa mia kwa mwaka, na muda wa miaka 30. Kama kiwango hicho kingetozwa juu ya deni zima, kila Shs. 100 ya ardhi ingezaa riba ya Shs. 195. Mtu angelinunua shamba lake karibu mara tatu.

Hapana budi tuonye jambo moja. Wengi husema, "Nikiona malipo ya kila mwezi ni sawasawa, nitajua ni flati." Si kweli. Wakopeshaji wengi wa deni linalopungua hupanga malipo yawe sawa ili mtu asisumbuke kukumbuka. Kwa mkopo wetu, kwa moja na nusu kwa mwezi, malipo yangekuwa yapata Shs. 11,002 kila mwezi. Mwezi wa kwanza 1,800 ni riba na 9,202 ni deni; mwezi wa pili riba ni 1,662, na deni linalipwa zaidi kidogo. Riba yote ingefika yapata Shs. 12,020, juu kidogo ya 11,700 kwa sababu deni hupungua polepole zaidi mwanzoni. Kwa hiyo usitazame jumla ya malipo ya mwezi. Omba jedwali la malipo, utazame safu ya riba peke yake. Namba zikiwa ni zile zile kutoka juu hadi chini, ni riba ya deni zima. Zikishuka, ni ya deni linalopungua. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka mkopeshaji ampe mkopaji maelezo ya gharama ya mkopo kwa maandishi, basi usione haya kuyaomba.

Safu hiyo pia itakuonyesha litakalotokea ukitaka kumaliza deni mapema. Tuseme baada ya malipo ya sita mkulima anauza fahali na kupata fedha. Katika sako deni lililobaki ni Shs. 60,000. Analipa hizo, na riba yote aliyotoa ni Shs. 8,550. Katika kampuni ya deni zima, mara nyingi riba yote ya mwaka imekwisha kuandikwa katika deni tangu siku ya kwanza, na mkulima ataambiwa alete malipo sita yaliyobaki, yaani Shs. 67,200. Atakuwa ametoa riba ya Shs. 14,400 kwa fedha alizokaa nazo nusu mwaka. Wako wakopeshaji wanaopunguza kitu katika hali hiyo, lakini ulizia kabla ya kutia sahihi, na jibu liwe katika mkataba. Maneno ya ofisa mwenye tabasamu hayahesabiki.

Mpaka hapa msomaji aweza kufikiri kwamba deni linalopungua ni zuri sikuzote. Hapana. Lina faida kwa sababu deni linapungua. Lisipopungua, faida hiyo hupotea. Mwenye ng'ombe hupata fedha kila siku, kwa hiyo aweza kulipa kila mwezi. Lakini jirani yake anayekopa Shs. 120,000 kwa ajili ya mihogo hana cha kulipa mpaka mihogo ikomae, nayo huchukua karibu mwaka. Akipewa mkopo wa kulipwa mara moja mwishoni, deni lake ni 120,000 mwezi wa kwanza, na 120,000 mwezi wa kumi na mbili. Kwa moja na nusu kila mwezi riba itakuwa Shs. 21,600. Kwa 12 kwa mia ya deni zima ni Shs. 14,400 vile vile. Hapa kampuni ndiyo nafuu, tena kwa Shs. 7,200. Kwa mkopo wa namna hii namba zilizotajwa zaweza kulinganishwa moja kwa moja, ndogo na kubwa. Ndiyo maana mwenye ng'ombe na mwenye mihogo wasifuatane tu katika ofisi moja kwa kuwa ni majirani.

Vivyo hivyo kwa mtu wa sako anayekosa kulipa miezi miwili kwa sababu ng'ombe amekauka. Deni lake limesimama, na riba yasimama pale pale. Tena yaweza kuwapo faini.

Mwisho kuna makato. Tuseme kampuni hukata 3 kwa mia ya kushughulikia mkopo, na sako hukata 1 kwa mia. Mkulima wa kampuni atatia mfukoni Shs. 116,400, huku riba ikihesabiwa juu ya 120,000. Gharama yake yote ni 14,400 na 3,600, yaani Shs. 18,000. Gharama ya sako ni 11,700 na 1,200, yaani Shs. 12,900. Lakini sako nyingi hukopesha mara tatu ya akiba ya mwanachama, maana yake ni kwamba anayetaka 120,000 awe tayari ameweka 40,000, na asiweze kuzitoa mpaka deni liishe. Asiye na akiba hiyo leo hana mikopo miwili ya kulinganisha. Anao mmoja, na swali lake ni kama maziwa yataweza kulipa Shs. 11,200 kila mwezi baada ya kununua chakula cha ng'ombe na dawa ya kupe.