Kidonda cha kichwani kisichopona

SWALI: Daktari, nina miaka 46, naishi Kakuma. Nywele za utosini zinapungua, na kidonda kilichoanzia kwenye msuko kimeingia mwezi wa pili bila kupona. Usiku naamka sana kukojoa. Je, ni sukari?

JIBU: Mama, huko kuamka usiku ndiko kunakonifanya nitake upimwe wiki hii. Mwili ukiacha kuitikia insulini, sukari hurundikana kwenye damu. Ikizidi, chembe nyeupe hushindwa kupambana vizuri na vijidudu, nayo mishipa midogo huharibika, ndiyo maana kidonda hukawia kufunga.

Nenda kliniki asubuhi kabla ya kula. Kipimo cha sukari cha 7.0 mmol/L au zaidi, kikirudiwa siku nyingine kikatoa jibu hilohilo, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani. Wakitumia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu badala yake, kinaweza kudanganya kama una upungufu wa damu.

Nywele sina uhakika nazo bila kukuona. Kupungua utosini kumehusishwa na kisukari, lakini msuko wa kubana, mapunye na upungufu wa madini ya chuma pia huzimaliza. Ngozi ikiwa laini, inang'aa, bila vitundu vya nywele, hilo ni kovu na nywele hazitarudi hapo. Tunachoweza ni kuzuia lisienee.

Fumua msuko leo. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, usipake majivu. Ukiona usaha, uvimbe au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Wakishindwa hapo Kakuma, omba rufaa ya Lodwar.