FUNDISHO: Ordinatere ndogo haiamuke. Karte imeharibika ao moto hautoshe?



Koperative fulani tunazotembelea zinatumia ordinatere ndogo inayoitwa Raspberry Pi, ile inayoenea kwenye kiganja cha mukono, ili kuandika kilo za serize ambazo kila mukulima analeta. Haina diski ndani. Programu na hesabu zote ziko kwenye karte memwari moja, microSD, ndogo kama ukucha. Inakula moto kidogo, ndiyo maana inafaa pale ambapo kuko pano moja na batri moja tu. Lakini iko na ugonjwa ambao tumeukuta mara mingi: unaiunganisha, taa nyekundu inawaka, ekrani inabakia nyeusi.

Musimu uliopita, mwezi wa 4, tuliitwa kwenye stasio ya kuoshea kahawa katika teritware ya Kalehe, pembeni ya ziwa Kivu. Tulifika siku ya Alhamisi, na malipo ya wakulima yalipangwa Jumamosi. Mama komptable alituambia: «Iko inawaka, lakini haiamuke. Na kilo zote za hii juma ziko mule ndani.» Papa prezida akaongeza: «Tulishanunua karte mupya mwezi uliopita. Juu ya nini imekufa tena?»

Ulizo la Papa prezida ndilo fundisho la leo. Kama karte mbili zinakufa kwenye mashini moja, mara mingi karte siyo mukosaji. Tafuta kwanza kile kinachoziua.

Kabla ya yote: usikubali «formater»

Kijana wa pale alikuwa ameshatoa karte na kuiingiza kwenye ordinatere kubwa ya Windows. Windows ikamwambia kama diski inapaswa kuformatiwa mbele ya kutumiwa. Bahati njema, alikataa. Tufasirie: karte ya Raspberry Pi iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni ndogo, Windows inaisoma. Ya pili ndiyo yenye hesabu zenu, na imepangwa kwa namna ya Linux, ambayo Windows haijue kusoma. Kwa hiyo Windows inauliza vile hata kama karte ni nzima kabisa. Ukijibu ndiyo, unafuta kilo za wakulima kwa mukono wako mwenyewe. Jibu hapana, toa karte, iweke kwenye bahasha.

Hatua ya 1: soma taa mbili

Pembeni ya mashini (ya pale ilikuwa Raspberry Pi 3 modeli B) kuko taa nyekundu na taa ya kijani. Nyekundu inaonyesha moto. Kama inazima-zima, ao inazimika wakati mashini inaanza kazi, maana yake moto umeshuka chini ya volti 4,63. Kijani inaonyesha karte. Ikimetameta bila mupango, mashini inasoma karte. Ikinyamaza kabisa huku nyekundu ikiwaka sawasawa, mashini haisome kitu kwenye karte. Ikimetameta mara 4 ao mara 7, inatulia, kisha inarudilia vilevile, karte inasomwa lakini faili za kuamushia hazionekane.

Pale Kalehe tuliona mambo mawili pamoja. Kijani ilimetameta kidogo, nyekundu ikazimika sekunde moja, ikawaka, ikazimika tena. Tukaacha karte, tukaenda kwenye moto.

Hatua ya 2: pima moto, tena upime pale kwenye mashini

Mashini hii inaomba volti 5,1 na ampere 2,5. Pale walikuwa na kashajeri ka USB ka gari, kaliochomekwa kwenye batri ya volti 12 ya pano. Juu yake kuliandikwa 5 V na 2,1 A. Papa prezida alisema: «Simu zetu zote zinajaa hapo, haiwezi kuwa mubaya.» Lakini simu iko na batri yake ndani: moto ukishuka, inajaa polepole tu. Raspberry Pi haina batri. Moto ukishuka hata kwa kitambo kidogo, inasahau ile ilikuwa inafanya.

Tulipima kwa multimetre mahali pa kutokea moto kwenye shajeri: volti 5,0. Kisha tukapima kwenye mashini yenyewe, wakati inajaribu kuamuka: volti 4,5. Nusu volti ilipotelea wapi? Kwenye kamba. Kamba ya USB ilikuwa ya meta 2, nyembamba, ya bei rahisi. Waya wa namna hiyo uko na uzuizi wa karibu om 0,4 kwa kila meta, ukihesabu kwenda na kurudi. Meta 2 ni om 0,8. Mashini ikivuta ampere 0,6, tunazidisha: 0,8 × 0,6 ni karibu volti 0,5. Toa hiyo kwenye 5,0, inabakia 4,5. Ni sawa na bomba refu na jembamba la kuleta maji kwenye mashini ya kumenya serize: tanki limejaa, lakini kwenye mwisho maji yanatoka kidogo.

Jinsi ya kupima: kwenye mistari miwili ya misumari midogo, chukua mustari wa nje, anzia kwenye kona iliyo mbali na matundu ya USB. Musumari wa kwanza ni volti 5, wa tatu ni masi. Gusa hiyo miwili tu. Uwe mwangalifu ncha ya multimetre isiunganishe musumari wa volti 5 na ule wa mustari wa ndani, kwa sababu unaweza kuunguza mashini. Kama mukono wako unatetemeka, acha. Badilisha tu kamba na shajeri, kisha uangalie taa nyekundu.

Sisi tuliweka shajeri yetu ya volti 5,1 na ampere 2,5, yenye kamba fupi na nene. Taa nyekundu ikawaka bila kuzimika. Tukapima: volti 4,95. Sasa moto ni muzuri. Lakini ekrani ilitoa maneno mengi, ikasimama kwenye haya:

```
Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs
```

Maana yake, sehemu ya pili ya karte haifunguke. Kwa hiyo magonjwa yalikuwa mawili, na la kwanza lilizaa la pili. Karte memwari haiandike neno moja moja. Ili kubadilisha kitu kidogo, inafuta fungu zima na kuliandika upya. Moto ukikatika katikati ya kazi hiyo, fungu lote linaweza kupotea, pamoja na vitu ambavyo hakuna mutu aliyevigusa siku hiyo. Ndiyo maana karte mupya ya mwezi uliopita haikudumu: iliwekwa kwenye moto uleule zaifu.

Hatua ya 3: okoa hesabu kwanza, tengeneza nyuma

Tuliingiza karte kwenye ordinatere yetu ya Linux. Amri ya kwanza inaonyesha jina ambalo karte imepewa. Kwetu ilikuwa sdb; kwenu inaweza kuwa jina lingine, angalieni vizuri ili musiguse diski ya ordinatere yenyewe.

```
lsblk
sudo mount -o ro,noload /dev/sdb2 /mnt
sudo cp -r /mnt/home/pi/serize ~/nakala
sudo umount /mnt
sudo fsck -y /dev/sdb2
```

Musitari wa pili unafungua karte kwa kusoma tu, bila kuandika kitu. Wa tatu unachukua nakala ya hesabu. Wa mwisho, fsck, ndio unatengeneza. Musibadilishe mufuatano huo. Fsck inatengeneza kwa kukata kile kisichoeleweka, na pengine inachokata ni daftari lenu.

Hesabu za Kwanza na za Pili zilitoka nzima. Faili ya siku ya Tatu ilikuwa imevunjika. Nyuma ya fsck mashini iliamuka, lakini programu ya mapokezi haikufunguka, kwa sababu vipande vyake vilikuwa vimekatwa. Tukaandika programu upya kwenye karte ingine, tukarudisha nakala.

Kama lsblk haionyeshe karte hata kidogo, ao inaionyesha na ukubwa wa 0, karte yenyewe imekufa. Fsck haitasaidia. Musipoteze siku mbili juu yake.

Kilo za siku ya Tatu

Mama komptable alikuwa na desturi moja iliyookoa malipo: kila mukulima anapewa karatasi ya mapokezi, na nakala ya kaboni inabakia kwenye kitabu. Tulikuta nakala 41 za siku ya Tatu. Yeye alisoma, kijana aliandika, papa mumoja wa komite aliangalia kama jumla inapatana na ile ya mizani. Walimaliza Ijumaa jioni. Jumamosi kila mutu alilipwa, na mama mumoja aliyekuwa na wasiwasi juu ya kilo zake 38 alizikuta kwenye orodha.

Papa prezida alitaka kuacha kitabu cha kaboni kuanzia mwezi uliofuata, ili kupunguza gharama. Hakuzungumuzia tena jambo hilo.

Kile kilichobakia pale ukutani

Tuliwaachia karatasi fupi kando ya mashini. Inasema: shajeri ya mashini ni ya mashini tu, simu zijazwe pengine. Kamba isipite meta 1, na iwe nene. Jioni musivute waya. Zimisheni kwanza kwa amri ya kwanza hapa chini, mungoje taa ya kijani inyamaze. Na kila Jumatatu muandike amri ya pili:

```
sudo shutdown -h now
vcgencmd get_throttled
```

Jibu likiwa `throttled=0x0`, moto haujashuka tangu mashini ilipowashwa. Likiwa `throttled=0x50000`, moto ulishuka wakati fulani na ukarudi. Likiwa `throttled=0x50005`, moto ni zaifu sasa hivi. Kwa majibu hayo mawili ya mwisho, chukueni nakala ya hesabu siku ileile, mutafute kamba na shajeri ingine, na muangalie pia kama batri ya pano haijachoka. Musingoje mpaka ekrani iwe nyeusi. Karte inaweza kuwa bado nzima, na kilo za watu bado ziko ndani.