Mbinu Tofauti, Nafuu Ileile: Mteja na Mnasihi Wanakubaliana Nini?

Mwaka wa pili tulipofika kwenye somo la unasihi, tulikariri nadharia kama vile tunavyokariri tarehe za historia. Freud anataka uchimbe utoto wa mteja. Carl Rogers anasema acha kuchimba, msikilize, njia ataiona mwenyewe. Aaron Beck anamfundisha mteja kuyaandika mawazo yanayomwangusha, kisha ayahoji kama hakimu anavyohoji shahidi. Mtihani ukija, swali ni lilelile: linganisha na tofautisha. Tukalinganisha, tukatofautisha, tukafaulu. Lakini kuna swali lilinikaa kooni. Kama wazee hawa wanapingana kiasi hicho, inakuwaje wateja wa kila upande wanapata nafuu, tena mara nyingi kwa viwango vinavyokaribiana?

Watafiti wamelihangaikia swali hili miaka mingi, na kitu kimoja kimekuwa kikijitokeza karibu kila wanapopima. Nitakiita ushirikiano wa kitiba, yaani jinsi mteja na mtoa tiba wanavyokubaliana na kuaminiana katika kazi wanayoifanya pamoja. Ukiupima mapema, kwenye kikao cha tatu au cha nne hivi, unaweza kubashiri kwa kiasi fulani nani atapona. Na ubashiri huo unafanya kazi bila kujali kama tiba ni ya Freud au ya Beck.

Mimi nilikuwa mbishi mpaka nilipousoma utafiti mmoja wa Marekani, uliosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya huko. Wagonjwa wa sonona waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne, na matibabu yakapangwa kwa wiki 16. Kundi la kwanza lilipata tiba ya fikra na tabia. La pili lilipata tiba inayoshughulikia mahusiano ya mgonjwa na watu wake wa karibu. La tatu lilipewa dawa iitwayo imipramini, na la nne lilipewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Hao wa vidonge hawakukabidhiwa kopo na kuambiwa nendeni. Walionana na daktari mara kwa mara kwa muda mfupi, akawauliza hali, akawatia moyo, akafuatilia madhara ya dawa. Daktari mwenyewe hakujua nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu.

Mwaka 1996 Janice Krupnick na wenzake walichapisha uchambuzi wa video za vikao vya wagonjwa 225 wa utafiti huo. Wapimaji wa nje, si watoa tiba wenyewe, walitazama vikao vya mwanzo, vya kati na vya mwisho, wakaupa ushirikiano alama. Matokeo yake ni kwamba ushirikiano ulipokuwa mzuri, wagonjwa walipona zaidi. Ilikuwa hivyo kwenye tiba zote mbili za mazungumzo, ikawa hivyo kwenye dawa, na ikawa hivyo kwenye kidonge kitupu.

Hebu tulia kwenye hilo la mwisho kidogo. Hapo hakuna nadharia ya Freud wala karatasi za Beck wala kemikali. Kuna mgonjwa, daktari, na mazungumzo ya muda mfupi. Bado namna wawili hao walivyoshirikiana ilihusiana na nani anapata nafuu.

Sasa mtu asije akarukia kusema basi mbinu ni bure na dawa ni bure. Katika utafiti huohuo, wale waliokuwa na sonona kali walifaidika zaidi na imipramini kuliko na kidonge kitupu. Na ushirikiano wenyewe si uchawi. Uchambuzi mkubwa wa Christoph Flückiger na wenzake wa mwaka 2018 ulikusanya tafiti 295 zenye wateja zaidi ya 30,000, na kwenye tiba za ana kwa ana ulipata uhusiano wa r = 0.28 hivi. Tuliosoma takwimu tunajua ukiuzidisha kwa wenyewe unapata asilimia 8 tu ya tofauti za matokeo. Inaonekana ndogo, lakini itazame hivi: chukua wateja 200 ambao nusu yao watapona, uwagawe 100 wenye ushirikiano mzuri na 100 wenye ushirikiano dhaifu. Uhusiano wa 0.28 unalingana na kupona kwa watu 64 upande wa kwanza na 36 upande wa pili. Kwa hao 28 wa tofauti, na kwa wazazi wao, hiyo si ndogo.

Lakini kwa nini uhusiano huo uvuke mipaka ya tiba zote? Jibu linaloniridhisha ni la Edward Bordin, la mwaka 1979. Dhana ya ushirikiano ilizaliwa nyumbani kwa wafuasi wa Freud, naye akaitoa nje ya nyumba hiyo. Akasema ina sehemu tatu. Kwanza, mnakubaliana lengo ni nini. Pili, mnakubaliana kazi za kufanya ili kulifikia. Tatu, kuna mfungamano, yaani kuaminiana na kuheshimiana kunakomwezesha mtu kuvumilia kazi hizo. Akaongeza kwamba mambo haya yapo popote mtu anapomsaidia mwingine abadilike, hata kati ya mwalimu na mwanafunzi.

Ukiielewa sehemu ya pili, fumbo linafunguka. Kila tiba ina kazi zake. Moja inataka usimulie ndoto, nyingine inataka uandike mawazo, nyingine inataka upande ngazi unayoiogopa. Kazi ni tofauti kabisa, ila hakuna hata moja inayoweza kufanywa kwa niaba ya mteja. Lazima aifanye yeye, na ataifanya kwa moyo ikiwa anaona inaelekea kwenye jambo analolitaka. Kwa hiyo ushirikiano haushindani na mbinu. Ndio unaoamua kama mbinu itafanywa kweli au itafanywa kwa kumridhisha mtu. Krupnick na wenzake walikuta pia kwamba sehemu iliyohusiana na kupona ni mchango wa mgonjwa: kujieleza wazi, kushiriki kazi. Alama za mtoa tiba hazikuonyesha uhusiano wa maana. Dhana yangu ni kwamba watoa tiba wale walichaguliwa na kufunzwa vizuri, hivyo walifanana mno. Darasa ambalo wote wana A halikuambii lolote kuhusu umuhimu wa A.

Haya yote ningeyajua mapema, nisingemfanyia Juma nilichomfanyia. (Si jina lake.) Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, mwalimu wa nidhamu aliniletea kijana wa kidato cha tatu. "Ongea na huyu, wewe si umesomea unasihi?" Kijana alikuwa anachelewa karibu kila siku na kusinzia darasani. Mimi na mbinu zangu kichwani, nikamchorea jedwali: saa ya kulala, saa ya kuamka, saa ya kutoka nyumbani. Ajaze kwa wiki mbili.

"Ndiyo mwalimu."

Jedwali likarudi limejaa. Mwandiko safi, kalamu moja, saa zilezile kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Ni dhahiri alilijaza kwa mkupuo mmoja, labda njiani. Wiki ya tatu hakuja kabisa.

Nilishangaa kwa sababu tulielewana vizuri. Alinisalimia kwa tabasamu, tulicheka pamoja habari za mpira. Kumbe hiyo ni sehemu ya tatu peke yake. Lengo halikuwa la Juma, lilikuwa la mwalimu wa nidhamu, na hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Na kazi niliyompa, machoni pake, ilikuwa ushahidi wa kumfunga mwenyewe. Nani atajaza kwa ukweli karatasi ambayo kesho itasomwa ofisini?

Jeremy Safran na Christopher Muran, ambao wameandika sana juu ya ushirikiano unapovunjika, wanatofautisha mivunjiko ya aina mbili. Kuna mteja anayekabili: analalamika, anabisha, anasema hili halinisaidii. Na kuna anayejitenga huku amekaa mbele yako, anayekubali kila kitu. Wa kwanza ukimwona unamjua. Wa pili, kwa malezi yetu sisi, anafanana na mtoto mwenye adabu. "Ndiyo mwalimu" yenye heshima na "ndiyo mwalimu" ya kujiondokea zinatamkwa sawasawa. Utazitofautisha kwa kazi: jedwali lenye saa zilezile, kikao kinachosahaulika, majibu yasiyo na mfano hata mmoja.

Kuna pingamizi moja zito. Huenda tumeligeuza jambo kichwa chini: mtu akianza kupona ndipo anampenda mnasihi wake. Robert DeRubeis na wenzake, wakichunguza tiba ya Beck, walikuta dalili za mtiririko huo, nafuu ya mapema ikitangulia ushirikiano mzuri. Tafiti za baadaye zilizopima pande zote mbili kikao kwa kikao zimekuta mara nyingi kwamba mambo yanasukumana: nafuu inajenga ushirikiano, na ushirikiano nao unatangulia nafuu ya kikao kinachofuata.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye vituo vya ushauri vya vyuo vikuu, yaani kwa watu kama sisi. Scott Baldwin na wenzake mwaka 2007 waliwaangalia wateja 331 wa watoa tiba 80. Waliuliza: ushirikiano ukiwa mzuri, ni kwa sababu ya mteja au ya mnasihi? Wakakuta kwamba wanasihi ambao kwa wastani hujenga ushirikiano mzuri na wateja wao ndio waliokuwa na matokeo mazuri. Tofauti kati ya wateja wa mnasihi mmoja hazikubashiri kitu. Kwa hiyo ile kauli ya "huyu mteja mgumu", ambayo mimi mwenyewe niliitumia kumhusu Juma, inabidi kuitilia shaka.

Nilibakiwa na wiki mbili pale shuleni. Nikamkuta Juma nyuma ya bwalo, nikamwambia lile jedwali lilikuwa wazo langu na halikumfaa. Kisha nikamuuliza yeye angetaka nini kibadilike. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema hataki kusimamishwa mbele ya paredi. Ndipo nikasikia habari za kibanda cha chipsi cha mama yake, anachokaa mpaka saa tano usiku. Tukakubaliana kwamba yeye atazungumza na mama wafunge mapema siku mbili, nami nitazungumza na mwalimu wa darasa. Siku mbili alizitaja yeye, mimi nilikuwa nataka nne.

Wiki yangu ya mwisho alichelewa mara moja. Sijui kama ni yale mazungumzo, au ni kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi na wateja wa chipsi walipungua.