Wanaobaki na Wanaoondoka: Kupima Ubora wa Wafuasi wa Ukurasa Wako kwa Marika

Kijitabu kwa vikundi vya ujasiriamali, wafanyabiashara wadogo na asasi zinazotumia Instagram

Idadi ya wafuasi inayoonekana juu ya ukurasa ni jumla tu. Ukurasa unaweza kupata wafuasi 500 ndani ya mwezi na kupoteza 500 wengine, namba ikabaki palepale, na mwenye ukurasa akaamini kwamba mwezi huo hakuna lililotokea. Kijitabu hiki kinaeleza njia ya kuwatenganisha wafuasi kulingana na mwezi walioingia, kisha kuwafuatilia kwa miezi kadhaa ili kujua nani wamebaki. Wote walioingia ndani ya mwezi mmoja tutawaita rika: rika la Januari, rika la Februari, na kuendelea. Kazi hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji kompyuta au simu yenye programu ya majedwali, na mtu mmoja wa kikundi ambaye hatasahau tarehe.

Orodha inapatikana wapi

Instagram humruhusu mwenye akaunti kupakua taarifa zake mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio, fungua Accounts Center, kisha sehemu ya kupakua taarifa zako. Usichukue kila kitu, maana faili litakuwa kubwa na bando litaisha. Chagua Followers and following peke yake. Mfumo wa faili uwe JSON, na kipindi kiwe All time. Hapo kwenye kipindi ndipo wengi hukosea. Ukiacha kipindi cha mwaka mmoja au miezi michache, wafuasi wa zamani hawatakuja kwenye orodha, na ukilinganisha na orodha iliyotangulia utadhani wamekukimbia wote kwa siku moja.

Faili utakalopata huitwa followers_1.json, na kama wafuasi ni wengi yatakuja mafaili kadhaa yenye namba zinazofuatana. Ndani yake kila mfuasi ana jina la akaunti na muda aliobonyeza kitufe cha kufuata. Muda huo umeandikwa kwa sekunde zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa hiyo unaonekana kama namba ndefu isiyo na maana. Ukiweka majina kwenye safu ya A na namba hizo kwenye safu ya B, fomula hii itakupa tarehe, mradi seli iwe na muundo wa tarehe:

```
=B2/86400+DATE(1970,1,1)+3/24
```

Zile saa 3 za mwisho zinaileta tarehe kwenye saa za Afrika Mashariki. Bila hizo, mtu aliyekufuata saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili ataandikwa kuwa wa Machi.

Sasa angalia jambo ambalo orodha hii haisemi. Inawataja waliopo tu. Aliyeingia Jumatatu akatoka Alhamisi hayumo, na hakuna faili lolote litakalokurudishia jina lake. Ndiyo maana orodha moja haitoshi. Pakua kila wiki siku ileile, ihifadhi kwa tarehe yake, na uhesabu ukubwa wa rika kwa majina yote uliyoyaona katika orodha yoyote ya mwezi huo. Anayepakua mara moja kwa mwezi atapata picha nzuri kuliko hali halisi, kwa sababu wale wanaoondoka upesi hawatawahi kuingia kwenye hesabu yake.

Kujua kama mtu bado yupo, hesabu jina lake katika orodha mpya, hapa iliyo kwenye karatasi iitwayo Mei. Jibu likiwa 1 yupo. Likiwa 0 hayupo:

```
=COUNTIF(Mei!A:A,A2)
```

Kabla ya kumwandika kuwa ameondoka, fanya ukaguzi wa aina mbili. Kwanza, watu hubadilisha majina ya akaunti. Jina la zamani likipotea na jina geni likatokea likiwa na muda uleule wa kufuata hadi sekunde, huyo karibu hakika ni mtu yuleyule. Pili, wapo wanaofunga akaunti kwa muda na kurudi. Subiri mtu akosekane katika orodha mbili zinazofuatana ndipo umhesabu kuwa ametoka.

Mfano: kikundi cha washonaji na cherehani ya zawadi

Mfano huu tumeutunga ili hesabu zionekane vizuri, lakini mambo yake ni ya kawaida. Kikundi cha washonaji kina ukurasa unaofundisha kupima, kukata na kushona, na kupitia ukurasa huo hupokea oda za sare na magauni. Januari walipata wafuasi 400, Februari 420. Machi walitangaza shindano: tufuate, wataje rafiki zako watatu kwenye maoni, ushinde cherehani. Wakaingia wafuasi 2,000. Aprili, shindano limekwisha na mshindi ametangazwa, wakaingia 380.

Mwisho wa Aprili katibu alipofungua takwimu za ukurasa aliona watu 740 wameacha kuwafuata ndani ya mwezi. Tarehe 1 Aprili wafuasi wote walikuwa 7,529, kwa hiyo waliotoka walikuwa karibu asilimia 10, wakati miezi ya kabla ya shindano ilikuwa asilimia 1 hivi. Kikao kikaitishwa. Wapo waliosema masomo yamekuwa marefu na watu wamechoka; wengine wakataka masomo yapunguzwe na picha za nguo zilizokamilika ziongezwe. Uamuzi huo ungeharibu kitu ambacho hakikuwa na kasoro.

Walipotenganisha marika waliona hivi. Kati ya wale 740, watu 660 walikuwa wa rika la Machi. Wafuasi wa kabla ya Januari, ambao ni 4,870, walitoka 45. Rika la Januari walitoka 8, la Februari 13, na wageni wa Aprili wenyewe 14. Ukiwaweka kando watu wa shindano na wageni wa Aprili, wengine wote walikuwa 5,629 na waliotoka kati yao 66, yaani asilimia 1.2. Masomo hayakumfukuza mtu. Waliokuja kwa ajili ya cherehani waliondoka baada ya cherehani kupata mwenyewe.

Kulinganisha marika kuna sharti moja ambalo halivunjwi: walinganishwe wakiwa na umri mmoja. Ukichukua hali ilivyo leo, rika la zamani litaonekana limepoteza wengi kwa sababu tu limekaa muda mrefu. Kikundi chetu kilihesabu waliobaki mwezi 1, miezi 2 na miezi 3 baada ya mwezi wa rika kufungwa. Rika la Januari lilibaki na 376, kisha 364, kisha 356, yaani asilimia 94, 91 na 89. Rika la Machi lilibaki na 1,240, kisha 1,080, kisha 1,000: asilimia 62, 54 na 50. Hukumu ya rika la Machi isingeweza kutolewa kwa uhakika kabla ya Julai, na huo ndio ugumu wa kipimo hiki. Hakina jibu la haraka.

Mtu anaweza kujitetea kwamba hata hivyo wamebaki 1,000, na 1,000 ni wengi kuliko 356. Hoja hiyo ni ya haki, na kubaki peke yake hakuijibu. Wengi hawaachi kufuata. Hupitiliza tu, au hunyamazisha ukurasa, na wewe hutajua. Kikundi kikafungua daftari la oda, ambamo huandika jina la akaunti ya kila mteja. Katika miezi 3 baada ya mwezi wao kufungwa, watu 18 wa rika la Januari walikuwa wameagiza nguo. Wa rika la Machi walikuwa 9. Kumi na wanane katika 400 ni asilimia 4.5, tisa katika 2,000 hawafiki hata nusu ya asilimia 1. Kama cherehani ilinunuliwa kwa shilingi 450,000, kila mteja wa shindano aligharimu shilingi 50,000 kabla hajalipa chochote.

Asasi isiyouza kitu itumie alama nyingine inayoonekana kwa jina: waliouliza swali kwa ujumbe, waliojiandikisha kwenye mafunzo, waliofika siku ya upimaji wa afya.

Kusoma anguko

Rika moja likianguka na mengine yakatulia, chanzo ni namna lile rika lilivyopatikana: shindano, tangazo la kulipia lililowafikia wasiohusika, au video moja iliyosambaa kwa kichekesho kisicho na uhusiano na kazi yenu. Marika yote yakianguka wiki ileile, wazee kwa wageni, sababu iko wiki hiyo. Tazama mlichapisha nini. Inawezekana mlichapisha mfululizo usiku mzima, au mliingia kwenye ubishi wa siasa.

Inawezekana pia kwamba ni kampuni yenyewe imefagia akaunti bandia. Desemba 2014 Instagram iliondoa akaunti bandia kwa mamilioni, na kurasa kubwa zikapoteza wafuasi kwa mkupuo bila kukosa lolote wiki hiyo.

Hapo ndipo penye mtego wa wafuasi wa kununuliwa. Akaunti bandia haichoki na haina sababu ya kuondoka. Rika lililojaa akaunti hizo litaonyesha kubaki kwa asilimia 99 miezi miwili mfululizo, kisha siku moja litaporomoka. Watu wa kweli huondoka zaidi mwanzoni, kisha kasi hupungua. Rika lisilopoteza mtu na lisiloleta ujumbe hata mmoja ni la kutiliwa shaka kuliko linalopungua taratibu.

Marika madogo yasomwe kwa uangalifu. Rika likiwa na watu 40, kila anayetoka ni asilimia 2.5, kwa hiyo tofauti kati ya asilimia 90 na 85 ni watu wawili tu. Unganisha miezi miwili au mitatu iwe rika moja.

Majina ya watu

Usipakue programu zinazodai kukuonyesha waliokuacha kwa kukuomba nywila ya akaunti. Wapo waliopoteza kurasa zao kwa njia hiyo. Orodha unayopakua mwenyewe inatosha.

Orodha hiyo ni taarifa binafsi za watu, na zinalindwa kisheria: Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ifunge kwa nywila na iwe mikononi mwa mtu mmoja. Kwenye kikao peleka namba za marika, usipeleke majina. Usimwandikie mtu kumuuliza kwa nini ameondoka, wala usimtaje hadharani. Ana haki ya kuondoka bila kueleza. Hesabu ikishakamilika, futa majina ya waliotoka.

Panga siku ya kupakua orodha ya kwanza, na iwe wiki hii. Orodha ya leo haiwezi kupatikana mwezi ujao.